Keki Ikiungua Chini, Itazame Trei Kwanza

Keki imeumuka vizuri na juu imeiva rangi ya kupendeza. Unaipindua kwenye sahani, kumbe chini ni nyeusi tii. Wengi hulaumu gesi au sukari, lakini mara nyingi kosa liko kwenye trei na mahali ilipowekwa.

Tuchukue keki ya siagi ya kawaida, ya kuokwa kwa nyuzijoto 180. Ukiiweka kwenye trei ya alumini inayong'aa, mng'ao wake hurudisha sehemu ya joto linalotoka kwenye moto na kuta za oveni, kama shati jeupe juani. Keki huiva taratibu, na baada ya dakika 35 hivi kijiti hutoka kikavu, pembeni ikiwa kahawia hafifu.

Mimina mchanganyiko uleule kwenye trei nyeusi ya ukubwa uleule, na mambo hubadilika. Weusi hufyonza joto, chini na pembeni zikaganda mapema. Katikati, ambako bado ni kulaini, huendelea kuumuka, ndipo keki inapoinuka kama kichuguu na kupasuka. Punguza moto hadi nyuzi 165, na uanze kuichungulia mapema kidogo.

Trei ya kioo ina hila zake. Huchelewa kupata moto, hivyo dakika ya 35 katikati huenda bado panatikisika. Ukiongeza muda, kioo kimeshashika joto na hakiliachii upesi, pembeni zikakauka. Hata ukiiepua, keki huendelea kuiva ndani yake. Hapa pia tumia nyuzi 165, uivumilie zaidi, kisha uitoe kwenye trei baada ya dakika 10. Faida yake ni kwamba rangi ya chini unaiona bila kuipindua keki. Usiitoe kwenye friji na kuitia moja kwa moja kwenye oveni ya moto: inaweza kupasuka.

Sasa mahali pa kuiweka. Katika oveni nyingi za gesi moto huwaka chini, kwa hiyo wavu wa chini na trei nyeusi ni kualika masizi. Wavu wa juu nao huibabua keki juu kabla ya ndani kuiva. Keki yenyewe ndiyo ikae katikati ya oveni. Trei ikiwa ndefu, shusha wavu kidogo. Bado inaungua? Weka trei tupu inayong'aa kwenye wavu ulio chini yake ikinge moto. Usitandaze karatasi ya foili kwenye sakafu ya oveni, maana huziba matundu ya hewa.

Kwa piza, geuza yote hayo: trei nyeusi, wavu wa chini, moto mkali. Pale unautaka huo mkauko wa chini ambao kwenye keki ulikuwa unaukimbia.