Malkia Wanane Ubaoni: Kutafuta kwa Kurudi Nyuma na Kupogoa

Katika sataranji, malkia ndiye kete yenye nguvu kuliko zote. Hushambulia mstari mzima aliosimama, safu nzima ya juu na chini, na mishazari yote miwili inayopita kwenye mraba wake. Fumbo la malkia wanane linataka malkia wanane wawekwe kwenye ubao wa kawaida wa miraba 64, bila yeyote kumshambulia mwenzake. Fumbo hili lilitolewa mwaka 1848 na Max Bezzel, mchezaji wa sataranji wa Ujerumani. Miaka miwili baadaye Franz Nauck akachapisha majibu yake yote 92. Hata Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati mashuhuri, alilishughulikia. Mwaka 1972 Edsger Dijkstra alilitumia kuonyesha namna nzuri ya kuandika programu, na tangu hapo limekuwa mfano unaofundishwa sana wa mbinu ya kutafuta kwa kurudi nyuma.

Ugumu wa fumbo uko katika wingi wa mipangilio. Malkia wanane wanaweza kuwekwa kwenye miraba 64 kwa namna 4,426,165,368. Kuipima yote mmoja mmoja ni kupoteza muda, kwa sababu karibu yote ina makosa yanayoonekana mapema. Kwanza, malkia wawili hawawezi kukaa mstari mmoja. Kwa kuwa mistari ni minane na malkia ni wanane, kila mstari lazima upate malkia mmoja tu. Swali basi si tena malkia akae mraba upi kati ya 64, bali malkia wa kila mstari akae safu ya ngapi. Kwa wazo hilo moja mipangilio inashuka hadi 8 kuzidishwa kwa yenyewe mara nane, yaani 16,777,216.

Hiyo bado ni mingi, na hapa ndipo mbinu yenyewe inapoanza. Malkia huwekwa mmoja mmoja, kuanzia mstari wa kwanza. Kabla ya kumweka mwingine, huangaliwa kama mraba unaofikiriwa uko salama mbele ya wote waliotangulia. Ukiwa salama, malkia anawekwa na kazi inahamia mstari unaofuata. Usipokuwa salama, hujaribiwa safu inayofuata kwenye mstari uleule. Safu zote zikiisha bila kupatikana mraba salama, basi kosa liko nyuma: malkia wa mwisho aliyewekwa anaondolewa, na anasogezwa kwenye safu inayofuata ya mstari wake. Kama naye amemaliza safu zake zote, anarudiwa aliye kabla yake.

Ubao mdogo wa mistari minne na safu nne unaonyesha jambo hili waziwazi. Malkia wa kwanza anawekwa safu ya 1. Kwenye mstari wa pili, safu ya 1 ni ya mwenzake na safu ya 2 iko kwenye mshazari wake, kwa hiyo nafasi salama ya kwanza ni safu ya 3. Malkia wa pili akikaa hapo, mstari wa tatu unafungwa wote: safu ya 1 na ya 3 zimeshachukuliwa, na safu ya 2 na ya 4 ziko kwenye mishazari ya malkia wa pili. Inabidi kurudi nyuma. Malkia wa pili anasogea safu ya 4, na sasa wa tatu anapata nafasi moja tu, safu ya 2. Lakini mstari wa nne haumpokei yeyote, kwa kuwa safu pekee iliyobaki ni ya 3, nayo iko kwenye mshazari wa malkia wa tatu. Malkia wa tatu hana pengine pa kwenda, wala wa pili hana. Kwa hiyo wa kwanza mwenyewe ndiye anayehama.

Anahamia safu ya 2. Mstari wa pili sasa una nafasi moja, safu ya 4. Mstari wa tatu una nafasi moja, safu ya 1. Mstari wa nne nao unakubali safu ya 3. Jibu limepatikana: 2, 4, 1, 3. Malkia wamewekwa ubaoni mara nane tu, ilhali mipangilio ya malkia mmoja kila mstari kwenye ubao huu ni 256. Jibu la pili, 3, 1, 4, 2, ni taswira ya kioo ya lile la kwanza, na zaidi ya hayo mawili hakuna.

Njia zote za kuweka malkia zinaweza kuchorwa kama mti. Shina ni ubao mtupu, na kila malkia anayewekwa huanzisha tawi. Kupogoa ni kukata tawi mara tu linapojulikana kuwa halizai, kama mkulima wa kahawa anavyoondoa matawi yasiyo na faida. Faida yake inategemea tawi limekatwa wapi. Kwenye ubao wa minane, malkia wa kwanza akiwa safu ya 1, wa pili hawezi kukaa safu ya 2, maana ni mshazari mmoja. Kulikataa jambo hilo hapo hapo kunafuta kwa mkupuo mmoja mipangilio 262,144 ya malkia sita waliobaki. Anayesubiri mpaka malkia wanane wote wakae ndipo apime, atakutana na kosa hilohilo mara 262,144.

Nguvu ya upogoaji huonekana mstari kwa mstari. Malkia wa kwanza ana nafasi 8. Aliye ukingoni anaufungia mstari wa pili miraba miwili na kuacha sita. Aliye katikati anafunga mitatu na kuacha mitano. Safu za ukingoni ni mbili na za kati ni sita, kwa hiyo malkia wawili wa kwanza wana mipangilio salama 42. Wakifika watatu mipangilio ni 140, wakifika wanne ni 344, na wakifika watano ni 568. Kuanzia hapo mti unaanza kusinyaa: 550 kwa malkia sita, 312 kwa saba, na mwisho 92 kwa wanane, ambayo ndiyo majibu yenyewe. Bila kupogoa, malkia watano peke yao wangekuwa na mipangilio 32,768. Kwa kupogoa, mti mzima, pamoja na ubao mtupu, una vituo 2,057 tu.

Katika programu, kazi yote hukaa kwenye mistari michache. Mfano huu uko katika lugha ya Python, ambayo huhesabu mistari na safu kuanzia 0:

```python
n = 8
safu, panda, shuka = set(), set(), set()

def weka(m):
    if m == n:
        return 1
    jumla = 0
    for s in range(n):
        if s in safu or m+s in panda or m-s in shuka:
            continue
        safu.add(s); panda.add(m+s); shuka.add(m-s)
        jumla += weka(m + 1)
        safu.remove(s); panda.remove(m+s); shuka.remove(m-s)
    return jumla

print(weka(0))
```

Herufi `m` ni namba ya mstari na `s` ni namba ya safu. Miraba yote ya mshazari mmoja unaopanda kuelekea kulia ina jumla moja ya `m+s`, na ile ya mshazari unaoshuka kuelekea kulia ina tofauti moja ya `m-s`. Kwa hiyo hakuna haja ya kumpima malkia mpya dhidi ya kila mwenzake. Inatosha kuuliza kama safu, jumla au tofauti hiyo imeshatumika. Neno `continue` ndilo panga la kupogolea. Kurudi nyuma kunafanywa na mstari wenye `remove`, unaofuta alama za malkia anapoondoka.

Mstari huo wa kufuta ndio unaosahaulika kwa urahisi. Ukikosekana, malkia walioondoka wanaendelea kufunga miraba ambayo kwa kweli iko wazi, na majibu yanapungua: kwa `n = 4` programu inatoa 0 badala ya 2. Kosa la upande wa pili ni kusahau mshazari mmoja. Hapo majibu yanazidi: kwa `n = 4`, bila kupima `m+s` au bila kupima `m-s`, yanatoka 7. Kwa hiyo programu mpya hujaribiwa kwanza kwenye mbao ndogo ambazo majibu yake yanajulikana: 2 kwa ubao wa nne, 10 kwa wa tano, 4 kwa wa sita, 40 kwa wa saba na 92 kwa wa nane. Ubao wa sita una majibu machache kuliko wa tano. Hilo si kosa la programu.

Upogoaji unaweza kusogezwa mbele zaidi. Badala ya kungoja mpaka mstari uliofungwa ufikiwe, kila malkia anapowekwa huangaliwa mistari yote iliyobaki. Ukipatikana hata mmoja usio na mraba salama, tawi linakatwa papo hapo. Kwenye ubao wa nne, malkia wakiwa 1 na 3, mstari wa tatu unaonekana umefungwa mara tu wa pili anapokaa. Lakini ukaguzi huo una mipaka. Malkia wakiwa 1 na 4, mstari wa tatu unabaki na safu ya 2 na wa nne na safu ya 3. Kila mmoja una nafasi, ingawa nafasi hizo mbili zinashambuliana, hivyo mwisho mbaya hauonekani mpaka malkia wa tatu akae. Tena ukaguzi wenyewe unachukua muda, na kwenye ubao mdogo muda huo unaweza kuzidi ule unaookolewa.

Njia isiyo na gharama ni kutumia ulinganifu wa ubao. Kila jibu lina pacha wake wa kioo, kushoto kwa kulia. Kwa hiyo malkia wa kwanza anatosha kujaribiwa safu ya 1 hadi ya 4, kisha hesabu ikazidishwa kwa mbili. Safu hizo nne zinatoa majibu 4, 8, 16 na 18, jumla 46, na mara mbili yake ni 92.

Hata hivyo, kupogoa kunapunguza mti tu, hakuuzuii kukua. Ubao wa 12 una majibu 14,200, wa 16 una 14,772,512, na wa 20 una 39,029,188,884. Mwaka 2016 mradi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, Ujerumani, ulikamilisha hesabu ya ubao wa 27 na kupata majibu 234,907,967,154,122,528. Anayetaka jibu moja tu hahitaji kutafuta, kwa kuwa zipo kanuni za kuwapanga malkia moja kwa moja kwenye ubao wowote kuanzia wa nne. Anayetaka kujua majibu yote ni mangapi hana kanuni ya namna hiyo; itambidi ahesabu.