Damu kwenye Mswaki

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmaki, walichapisha jaribio rahisi. Watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waliacha kabisa kupiga mswaki. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na fizi nyekundu, zenye uvimbe, zinazotoka damu zikiguswa. Walipoanza tena kusafisha meno, fizi zikapona.

Kilichowaumiza ni utando laini wa bakteria unaojenga upya kila siku pale jino linapokutana na ufizi. Ukikwangua jino kwa ukucha kabla ya kupiga mswaki, ule uji mweupe ndio wenyewe. Usipoondolewa, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga, na ugaga hauondoki kwa mswaki. Tazama nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na vinapotokea vijito vya mate: ndipo unapoanza kujikusanya kwa watu wengi.

Hapo bado ni uvimbe wa fizi tu, na unatibika kabisa. Kosa la kawaida ni kuliepuka eneo linalotoka damu. Mtu huona mswaki unamjeruhi, anauacha upande huo, na utando unazidi kunenepa. Dawa yake ni kupasafisha hapohapo, kwa mswaki laini.

Si kila uvimbe huendelea mbele. Ukiendelea, mapambano ya mwili dhidi ya bakteria huharibu nyuzi zinazolishika jino na kuula mfupa wa taya. Ufizi huachana na jino, pakabaki mfuko ambao mswaki haufiki. Daktari huupima kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni kawaida. 4 na damu ni onyo.

Chukua jino ambalo mzizi wake una milimita 12 ndani ya mfupa. Mfupa ukishuka milimita 2, mwenyewe hajui lolote. Picha ya eksirei ndiyo itakayoonyesha. Ukishuka 4, theluthi ya nguzo imekwenda, na huenda bado hakuna maumivu. Ukipita nusu, jino linacheza, linaonekana refu, chakula kinanasa. Wengi huja wakati huo, wakitaka ling'olewe. Kukwangua ugaga mpaka kwenye mzizi kunaweza kusimamisha uharibifu, lakini mfupa uliopotea kwa kawaida haurudi wenyewe.

Wavutaji sigara wana hatari zaidi: fizi zao hutoka damu kidogo huku mfupa ukiliwa, kwa hiyo onyo halionekani. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huharakisha mambo.

Ukienda kwa daktari wa meno, usiridhike na kuangaliwa matundu tu. Mwombe apime fizi, akutajie milimita.