Kosa Lililofanana

Mwanafunzi anayempa mwenzake ripoti yake “aiangalie tu” hajanakili neno la mtu. Hata hivyo, kanuni za vyuo vingi humhesabu mtoaji kuwa na kosa sawa na mpokeaji. Wengi hulijua hilo wakishaitwa mbele ya kamati, kwa sababu bwenini anayemnyima mwenzie kazi ndiye huonekana mwenye roho mbaya.

Basi mpaka uko wapi? Tuchukue jaribio la pendulamu, ambalo wengi waliosoma fizikia wamelifanya: jiwe dogo linafungwa kwenye uzi, linabembea, na kutokana na urefu na muda wake mnatafuta mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao vitabu huuweka karibu na 9.8. Maelekezo yanasema wanafunzi wanne wapime pamoja, kisha kila mmoja aandike ripoti yake.

Wanapima. Mibembeo 20 inachukua sekunde 36, yaani 1.8 kwa mbembeo mmoja. Urefu wanaandika sentimita 78. Hapo wamekosea: wamepima hadi kwenye fundo badala ya katikati ya jiwe, ambako wangepata 80. Kwa hiyo jibu lao linatoka 9.50 badala ya 9.75. Ripoti nne zenye kosa moja, na mhadhiri hashtuki hata kidogo. Waliambiwa wapime pamoja, na aliyepima pamoja na wenzake hukosea pamoja nao.

Ila ripoti mbili kati ya hizo nne zina jibu la 13.16. Mhadhiri anarudi nyuma mstari kwa mstari na kukuta kwamba 1.8 ikizidishwa kwa 1.8, ambayo ni 3.24, imeandikwa 2.34 kwenye ripoti zote mbili. Tarakimu zimepishana. Watu wawili wanaweza kupishanisha tarakimu zilezile, kila mtu na kikokotoo chake, lakini ni nadra. Na wote wawili wakisingizia upepo wa feni kwa maneno yaleyale, hakuna tena cha kubahatisha. Vipimo vilikuwa mali ya kikundi. Hesabu na maelezo havikuwa.

Ndiyo maana wasahihishaji hutafuta makosa yaliyofanana kuliko majibu sahihi yaliyofanana. Jibu sahihi ni moja na kila aliyesoma anaweza kulifikia. Njia za kukosea ni nyingi mno.

Si kila shauri huwa jepesi namna hiyo. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Ryerson mjini Toronto, ambacho leo kinaitwa Toronto Metropolitan, kilimshtaki mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi kwa sababu ya kikundi cha Facebook. Kikundi kilikuwa na wanafunzi 146 waliosaidiana kazi za kemia zenye uzito wa asilimia 10 ya alama za somo, kazi ambazo kila mtu alitakiwa azifanye peke yake. Yeye alikuwa msimamizi. Walijitetea kwamba hawakufanya zaidi ya yale yanayofanyika kila siku kwenye meza za maktaba. Lakini tangazo la kikundi liliwaomba wanachama waweke majibu yao. Hakufukuzwa, alipewa sifuri kwenye kazi hizo. Kwa maoni yangu hukumu haikuwa mbaya, ila chuo kingeanza kwa kueleza vizuri zaidi maana ya “peke yako”.

Baadhi ya wahadhiri wa kompyuta Marekani wana kanuni inayoeleza hilo kwa vitendo. Jadilini swali mnavyotaka, hata ubaoni. Mkimaliza futeni ubao, msiondoke na karatasi wala picha ya simu, kaeni nusu saa mkitazama kipindi cha vichekesho, kisha kila mtu akaandike. Kilichobaki kichwani baada ya hapo ni chako.

Kazi ya kikundi yenye ripoti moja na alama moja ina mtego mwingine. Pale kuandika pamoja ni halali. Udanganyifu huingia kwenye orodha ya majina. Aliyechangia hela ya kuchapisha steshenari tu akiandikwa kama mshiriki, waliomwandika wamesema uongo pamoja naye. Na sehemu ya mmoja ikikutwa imenakiliwa mtandaoni, waliosaini jalada wote wanaweza kuulizwa. Kinachowaokoa wasiohusika ni ushahidi mdogo mdogo: rasimu zenye tarehe, ujumbe wa nani alipewa sehemu ipi, faili la pamoja linaloonyesha aliyeandika kila aya. Vitu hivyo lazima viwepo kabla ya barua ya kamati kufika.