Ufunguo Usiomtaja Mwenye Akaunti

Kache ni akiba ya muda ya majibu ambayo seva imekwisha kuyatayarisha. Mtu wa kwanza akifungua ukurasa, seva husoma hifadhidata, huupanga ukurasa na kumpelekea, na nakala yake hubaki kwenye kache kwa sekunde au dakika kadhaa. Anayefuata hupewa nakala ileile bila seva kusumbuliwa tena. Kila nakala huwekwa chini ya jina lake, ambalo mafundi huliita ufunguo, na mara nyingi ufunguo huo ni anwani ya ukurasa tu. Kwa orodha ya bei hakuna ubaya, maana wote huona kitu kimoja. Balaa huanza pale anwani inapokuwa moja lakini kila mteja anatakiwa kuona mambo yake.

Tuseme duka la mtandaoni lina ukurasa `/akaunti`, na nakala zake hukaa kwenye kache kwa sekunde 60. Saa nne kamili asubuhi anaingia Asha, mteja namba 1041. Kache haina kitu, kwa hiyo seva inatengeneza ukurasa wenye jina lake, simu yake na oda zake, kisha unahifadhiwa chini ya ufunguo huu:

```
key = "ukurasa:/akaunti"
```

Sekunde 20 baadaye Juma, mteja namba 2288, anafungua ukurasa huohuo. Ameingia kwa nywila yake na kuki yake ni halali kabisa, ila kache haiitazami kuki. Inatazama ufunguo, inakuta nakala, inampa. Juma anasoma oda za Asha. Hakuna mdukuzi hapo, wala nywila iliyoibwa. Dakika ikipita nakala inafutwa, na atakayetangulia kufungua ndiye atakayeonekana na wenzake.

Kosa la namna hii, katika tabaka la kache lililo mbele ya seva, liliikumba Steam, duka la michezo ya kompyuta la kampuni ya Valve ya Marekani, siku ya Krismasi ya 2015. Duka lilikuwa kwenye msimu wa punguzo, na wakati huohuo lilishambuliwa kwa wimbi la maombi ya uongo. Ili kupunguza mzigo, kanuni mpya za kache ziliwekwa haraka, na seti moja ikahifadhi hata kurasa za watu waliokwisha kuingia kwenye akaunti zao. Kwa takriban saa moja na nusu, wateja walikuta kurasa za watu wasiowajua, wengine zikiwa kwa lugha wasiyoisoma. Valve ilisema kurasa zenye taarifa za watu wapatao 34,000 huenda zilionekana kwa wengine: anwani za malipo, barua pepe, historia ya manunuzi, tarakimu mbili za mwisho za kadi.

Aliyeona ukurasa wa mwenzake hakuweza kununua kwa akaunti ile, kwa sababu alichokuwa nacho ni picha ya ukurasa, si ruhusa ya mwenyewe. Kinga hiyo hutoweka kache ikihifadhi pia kichwa cha `Set-Cookie`. Hapo kivinjari cha Juma hupokea kuki ya Asha, na tangu wakati huo seva humtambua Juma kuwa ndiye Asha.

Hitilafu hii hupita majaribioni kwa urahisi wa kuudhi. Fundi hujaribu peke yake, kwa akaunti moja, na daima huona taarifa zake mwenyewe. Jaribio la kweli lahitaji akaunti mbili zinazofungua ukurasa mmoja kabla nakala haijaisha muda. Dalili nyingine iko kwenye vichwa vya jibu: ukurasa wa siri ukirudi na `Age: 37`, basi jibu hilo lilikwisha kukaa kwenye kache sekunde 37.

Dawa ni kumwingiza mteja kwenye ufunguo:

```
key = "ukurasa:/akaunti:" + user_id
```

Namba hiyo lazima itoke kwenye kikao ambacho seva imekihakiki. Ikichukuliwa kwenye anwani, mtu ataandika 1041 na kujifungulia mlango. Hata hivyo, nakala ya mtu mmoja haimsaidii mwingine, kwa hiyo faida ya kache hupungua sana. Ndiyo maana kwa kurasa za akaunti kilicho salama zaidi ni kutohifadhi kabisa, kwa kutuma `Cache-Control: no-store`, na kache ikaachiwa picha na bei. Kunyamaza hakutoshi. Kanuni za HTTP huzuia kache ya pamoja kuhifadhi jibu la ombi lenye kichwa cha `Authorization`, isipokuwa seva iruhusu waziwazi, lakini ombi lenye kuki halina ulinzi huo.

Msimbo ukirekebishwa, nakala za zamani nazo hufutwa mara moja. Kisha kumbukumbu za seva hupekuliwa kujua nani alipewa ukurasa wa nani. Kama kache haikuandika kila jibu ililotoa, kitakachopatikana ni orodha ya waliofungua kurasa hizo katika muda ule, na wote hao huhesabiwa kuwa huenda walionekana.