Mshahara wa Juni na Mvua za Aprili

Ukipita barabara ya Arusha kwenda Moshi mwezi Aprili, kati ya Tengeru na Usa River, utakuta loji zimefunga nusu ya vyumba na magari ya safari yamepangwa uani, yamefunikwa maturubai. Mvua ya masika inanyesha na mlima Meru umejificha kwenye mawingu kutwa nzima. Wafanyakazi wengine wako likizo isiyo na malipo, na wengine mikataba yao imeishia hapo.

Kijana anayeajiriwa Juni, watalii wakianza kumiminika, haioni picha hiyo. Anachokiona ni mshahara wake wa kwanza, na kila mtu ana la kumwambia kuuhusu. Mjomba wake kule juu Nkoaranga anataka anunue ndama wa maziwa. Rafiki anamvuta kwenye kiwanja upande wa Olmoti, maana unajengwa uwanja wa AFCON ya 2027 na bei haitasubiri. Mwenzake wa kazini amesikia habari za hatifungani za Serikali. Wote wanazungumzia uwekezaji, na wote wanaweza kuwa sahihi, ila mwaka mmoja mapema mno.

Tuchukue mfano wa kijana wa mapokezi katika loji ya Usa River, amepanga chumba Sakina, mshahara wake ni shilingi 700,000. Kwenye hati yake ya malipo mstari wa kwanza wa makato ni NSSF, asilimia 10, yaani 70,000. Kodi ya Lipa Kadri Unavyopata inakokotolewa kwenye kinachobaki, 630,000, na kwa viwango vya Tanzania Bara inakuwa 42,000. Anakwenda nyumbani na 588,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, inaondoka tena asilimia 15 ya mshahara, 105,000, na hapo hesabu yote inayofuata inabana.

Matumizi yake tuyaweke hivi: kodi ya chumba 100,000, chakula 150,000, nauli ya daladala kwenda na kurudi kazini 60,000, umeme, maji na bando 40,000, na 50,000 ya nyumbani kwa wazazi. Jumla 400,000. Zinabaki 188,000, na hizo ndizo zinazogombewa na ndama, kiwanja na hatifungani.

Kabla hajamjibu yeyote, ajiulize: nikiachishwa kazi, nani atanilipa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi notisi ya siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, lakini sharti awe amefanya kazi miezi 12 mfululizo. NSSF nayo ina fao la kukosa ajira: mwenye ujuzi aliyepoteza kazi bila kuacha mwenyewe anaweza kulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita, lakini awe amechangia angalau miezi 18. Kijana wetu wa Juni, ikifika Machi, ana miezi kumi tu. Kiinua mgongo hapati, fao hilo la theluthi hapati. Ana siku zake 28 na alichojiwekea.

Ndiyo maana nasema mwaka wa kwanza na nusu wa kazi ndio wa hatari kuliko yote, ingawa kijana mwenyewe anauona ndio wa neema. Aliyekaa kazini miaka mitano ana mito kadhaa ya kuangukia. Mgeni ana akiba yake peke yake. Na Arusha haihitaji mtu kukosea ndipo apoteze kazi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii milioni 1.5, mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga anga za dunia, walishuka hadi laki 6 na ushee. Mwaka ule mpokezi hodari na mpokezi mzembe walikaa nyumbani pamoja.

Akiba ya dharura iwe kiasi gani basi? Vitabu vinasema matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Mimi napenda kuhesabu kwa kalenda ya hapa kwetu. Tuseme kijana anapewa notisi mwishoni mwa Machi. Mshahara wa notisi unamfikisha mwisho wa Aprili. Mei hakuna anayeajiri. Juni loji zinaanza kuita watu, akipata kazi katikati au mwishoni mwa mwezi huo, mshahara kamili wa kwanza utaingia mwisho wa Julai. Kwa hiyo miezi ya kujitegemea ni Mei, Juni na Julai. Akiwa bila kazi, nauli ya kazini haipo na ya nyumbani wazazi watamwelewa. Anabakiwa na kodi, chakula, umeme na bando, kama 300,000 kwa mwezi. Mara tatu, ni 900,000.

Akitenga 120,000 kila mwezi kuanzia mshahara wa Juni, mshahara wa Januari unamfikisha 960,000. Ni mishahara minane, nayo inatimia kabla masika haijaanza. Zile 68,000 zinazobaki ni za viatu, nguo za kazi na kadi za michango ya harusi. (Kadi ya mchango si dharura, hata kama mwenyekiti wa kamati anapiga simu mara tatu kwa siku.)

Kodi ya nyumba nayo si dharura. Mwenye nyumba anayedai miezi sita kwa mkupuo unajua tarehe yake tangu siku ya kuhamia, basi ile 100,000 ya kila mwezi itengwe peke yake, mbali na akiba. Nimeona akiba nyingi zikiishia hapo: mtu anadhani ana laki sita za dharura, kumbe ni kodi ya Desemba iliyolala.

Sasa tumpe haki mwenzake wa hatifungani, maana hoja yake ina uzito. Hatifungani ya Serikali ya miaka 20, kwa kiwango cha riba cha asilimia 12.10 kilichowekwa mwaka 2022, ikinunuliwa kwa shilingi milioni moja kwa bei yake kamili inalipa 121,000 kwa mwaka, yaani 60,500 kila baada ya miezi sita. Kiwango cha chini cha kununua ni hiyo milioni moja. Akiba ya benki haikaribii riba hiyo.

Lakini tuseme kijana amejibana, akaipata milioni hiyo akaifunga yote, kisha mwezi unaofuata mama yake akalazwa na zinatakiwa 300,000. Hatifungani inaweza kuuzwa sokoni kupitia benki au dalali aliyesajiliwa, ila ni lazima apatikane mnunuzi, na riba za matoleo mapya zikiwa zimepanda bei ya ile ya zamani inashuka. Hospitali haisubiri hayo. Anakwenda kwa wale tunaowaita kausha damu: chukua laki moja, rudisha laki na ishirini baada ya mwezi. Kwa laki tatu, riba ya mwezi mmoja ni 60,000. Hatifungani ya milioni nzima inahitaji miezi sita kuzalisha kiasi hicho. Deni likikaa miezi miwili, mapato ya mwaka karibu yote yameisha.

Hapo ndipo tofauti ya kuweka akiba na kuwekeza inapoonekana. Watu wengi wanatofautisha kwa jina la mahali: benki ni akiba, kiwanja ni uwekezaji. Mimi naangalia muda wa kuifikia pesa, na kama utaikuta kamili. Ndama anakua vizuri kwenye majani ya Meru, lakini huwezi kuuza mguu wake mmoja ulipie dawa. Kiwanja ukikiuza kwa haraka, mnunuzi anaisoma haraka hiyo usoni mwako.

Kikoba kiko katikati. Mfuko wa jamii wa kikoba unasaidia kweli kwenye msiba na ugonjwa, na mkopo wake ni nafuu kuliko wa mtaani. Ila hisa zako kwa kawaida zinakaa ndani hadi kikundi kivunje mzunguko na kugawana. Ukiachishwa kazi Machi na mgawanyo ni Desemba, utapata mkopo, hutapata akiba, na mkopo bila mshahara ni mzigo mwingine.

Pa kuiweka, basi. Kwanza 150,000 hivi iwe mahali unapoweza kuifikia saa nane ya usiku, kwenye simu au akaunti yenye kadi. Nyingine ikae mbali na macho, kwanza ya kwako mwenyewe, kisha ya wapiga mizinga. Akaunti ya akiba isiyo na kadi inatosha. Benki zina Bodi ya Bima ya Amana nyuma yake. Anayependa kupata kidogo zaidi anaweza kutumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS: unaanza na 100,000, unaongeza kuanzia 10,000, na ukiuza vipande unalipwa ndani ya siku tatu za kazi. Siku tatu ndiyo sababu ile 150,000 ibaki simuni. Mifuko mingine ya kampuni hiyo hiyo ina hisa na hatifungani za muda mrefu zaidi. Si ya kazi hii.

Kuna gharama, tusifichane. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3, akiba ya 900,000 iliyolala bila faida inapoteza kama 27,000 ya nguvu ya kununua kwa mwaka. Naichukulia kama ada ya bima, na ni chini ya nusu ya riba ya mwezi mmoja wa kausha damu.

Nina neno moja kwa kijana anayesikitika kwamba hajaanza kuwekeza. Umeshaanza. Ile 70,000 ya NSSF kwenye hati yako inaongezewa nyingine 70,000 na mwajiri. Ni 140,000 kila mwezi inayokwenda kwenye uzee wako. Swali ni kama kweli inafika. Wapo waajiri wanaokata na kukaa nayo, na mfanyakazi anagundua siku anapodai fao kwamba ile miezi 18 kwenye kumbukumbu za mfuko ni 5. Hati ya malipo inaonyesha kilichokatwa tu. Kilichopelekwa kinaonekana kwenye taarifa ya michango ya NSSF.

Wiki hii, chukua mkataba wako na uandike tarehe mbili: siku utakayotimiza miezi 12, na siku utakayotimiza miezi 18. Kisha omba taarifa yako ya michango, uhesabu mwezi kwa mwezi. Mjomba mwambie ndama atazungumzwa baada ya mshahara wa Januari.