Msuli Baridi Haunyooshwi

Je, msomaji, mwanao akitaka kukimbia huanza kwa kuinama na kugusa vidole vya miguu? Wengi wetu tulifundishwa hivyo. Huko Junju, Kaunti ya Kilifi, mwalimu mmoja wa michezo aliwakalisha wanafunzi wake chini ya mwembe kabla ya mazoezi, akawaambia waache mtindo huo.

"Nta baridi ukiikunja huvunjika," alisema. "Ikipata joto hukunjika. Msuli nao ni hivyo hivyo."

"Kwani mwalimu, jua hili la Pwani halitoshi?" akauliza msichana mmoja, na wenzake wakacheka.

"Jua hupasha ngozi, mwanangu. Msuli hupashwa na kazi yake wenyewe, damu inapokimbilia mguuni."

Hatua zake ni chache. Kwanza, kimbia polepole kwa dakika tano hadi jasho jembamba litokee. Pili, nyoosha miguu ikiwa mwendoni: rusha mguu mbele na nyuma mara kumi, kisha mwingine, piga hatua ndefu ukikunja goti, kimbia visigino vikigusa makalio. Tatu, timka mita 30 mara tatu, kila mara ukiongeza kasi.

Kule kuinama na kutulia ni kwa baada ya mbio. Shikilia kwa sekunde 20 hadi 30 bila kudundadunda. Ukihisi mvuto katikati ya msuli, ni sawa. Ukihisi mchomo mkali au maumivu kwenye kiungo, legeza. Kunyoosha kwa muda mrefu kabla ya mbio hupunguza nguvu ya msuli kwa muda, na kwenyewe hakuzuii majeraha.

Halafu akawakumbusha kisa cha Usain Bolt. Mnamo Agosti 12, 2017, jijini London, Mjamaika huyo alikimbia mkondo wa mwisho wa kupokezana vijiti. Kabla ya kufika utepeni, msuli wa nyuma ya paja la kushoto ulikaza, akaanguka. Mwenzake Yohan Blake alilalamika kwamba walikuwa wamengojeshwa kiasi cha dakika 40 hata miili ikapoa. Hakuna awezaye kuapa kuwa hiyo ndiyo sababu, lakini joto la msuli hupotea mtu akisimama tu.

"Basi siku ya mashindano, hotuba za wageni zikirefuka, msikae," alisema mwalimu. "Rukarukeni papo hapo, na mkiitwa mtimke kidogo tena."

Nawe mzazi, mtoto akirudi akichechemea kwa mchomo wa ghafla wa paja, usimchue wala usimkande kwa maji moto siku hiyo, maana damu huzidi kuvuja ndani. Weka kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15, uinue mguu. Akishindwa kuukanyagia, mpeleke hospitalini.