Fundi wa jenereta: namna ya kugeuza mteja wa depanaji kuwa mteja wa kila mwezi

Kwa mafundi wengi wa jenereta katika miji ya mashariki, kazi inaanza na simu ya mbio: "Fundi, kuya, mashini imekataa kuwaka." Fundi anafika, anatengeneza, analipwa, anaenda. Kisha anangoja simu nyingine. Kuko wiki ya simu tano, na kuko wiki ya bila hata moja, wakati kodi ya nyumba haingoji.

Mteja naye anapoteza. Farmasi yenye frigo ya dawa ikikosa umeme usiku kucha, hasara inaweza kupita bei ya depanaji mara nyingi. Ndiyo maana mafundi fulani wanauza abonema ya mwezi. Lakini abonema inadumu tu kama kila upande unajua vizuri kile inachobeba.

Tuchukue mfano wa farmasi moja ya Butembo, yenye jenereta ndogo ya esansi. Inawashwa masaa 4 kila siku, siku 25 kwa mwezi. Hiyo ni masaa 100. Vitabu vya jenereta nyingi za aina hii vinaomba mafuta ya mota yabadilishwe kila masaa 100, na filtri ya hewa isafishwe kila masaa 50, au mapema zaidi pahali pa vumbi. Kwa hiyo mashini yenyewe inaomba fundi apite mara mbili kwa mwezi.

Hapo abonema inaandikika kwa maneno machache. Kupita kwa kwanza: vidanji, kusafisha filtri, kuangalia buji. Kupita kwa pili: kusafisha filtri tena, kupima mafuta, kukaza nati, kuangalia kama esansi inavuja na kama nyaya zimeungua. Tena, mwito mmoja wa haraka kwa mwezi: mteja akipiga simu mbele ya saa sita mchana, fundi anafika siku ileile. Kisha yaandikwe yasiyomo: esansi, vipuri, na kufunga bobina upya. Hayo yanalipwa kando, na mteja anakubali bei kwanza.

Bei inatoka kwenye hesabu, si kwenye kubahatisha. Tuseme lita moja ya mafuta ni dolari 5. Moto kwenda na kurudi ni dolari 2. Kwa safari tatu ni 6. Kazi ya kupita mara mbili, kila mara dolari 8, ni 16. Mwito wa haraka unawekewa 8. Jumla ni dolari 35. Mwito wa pili katika mwezi uleule utalipwa 10, moto ndani. Malipo yanafanywa mwanzo wa mwezi, kwa sababu fundi ndiye ananunua mafuta kwanza.

Wakati mzuri wa kutoa pendekezo ni kisha depanaji ya pili au ya tatu kwa mteja yuleyule. Fundi afungue daftari yake: "Mama, katika miezi mitatu umeniita mara nne, umelipa dolari 130. Mara mbili ilikuwa filtri chafu tu." Abonema ya miezi mitatu ni dolari 105, bila vipuri. Tofauti ya bei si kubwa sana. Kile mteja ananunua zaidi ni usiku bila giza. Waanze na miezi mitatu ya majaribio, kwa karatasi moja yenye kopi mbili.

Shida ya kwanza inakuja katika mwezi ambao hakuna kitu kilichokufa. Mteja anauliza: "Sasa ninalipa nini?" Jibu ni karatasi inayotundikwa karibu na jenereta: tarehe, masaa, kazi iliyofanywa, sinyatire ya pande mbili. Bila hiyo karatasi, kazi nzuri haionekani.

Shida ya pili ni masaa. Farmasi ikianza kuwasha mashini masaa 8 kwa siku, vidanji zinakuwa mbili, na bei ya zamani inamla fundi. Kwa hiyo kontra iseme wazi: bei hii ni ya masaa 100, yakizidi tunahesabu upya.

Na si kila mashini inafaa. Jenereta inayotoa moshi wa bluu na kupunguza mafuta kila siku imechoka ndani. Itengenezwe kwanza kwa bei yake, kisha abonema ianze. Mwenyewe akikataa, abaki mteja wa depanaji.

Mwisho, fundi ahesabu siku zake. Wateja 15 ni kupita mara 30 kwa mwezi, bila miito ya haraka. Siku atakaposhindwa kufika siku ileile alivyoahidi, ajue amechukua wateja wengi kupita nguvu zake.